MADA YA 9: UTUNGAJI WA IGIZO FUPI (KICHEKESHO)

Baada ya kusoma mada hii mtahiniwa aweze:
(a) kutunga igizo fupi la kuchekesha lenye mgogoro unaokua hatua kwa hatua;
(b) kueleza kicheko katika igizo kinatokana na nini na kinamwelekea nani;
(c) kutaja makosa yanayoharibu igizo la aina hii na kuyaepuka.

9.1 Swali la mfano

*Tunga igizo fupi la kuchekesha kuhusu mzazi anayemnunulia mtoto wake vifaa vya shule, ambapo orodha ya vifaa inaongezeka huku fedha za mzazi zikipungua.*

Swali hili linaonekana jepesi kwa sababu kila mtahiniwa amewahi kwenda dukani na mzazi wake. Hata hivyo wengi hulijibu vibaya. Huandika mazungumzo marefu ambamo mtoto anaomba, mzazi anakataa, mtoto anaomba tena, mpaka karatasi inaisha. Hayo ni mabishano tu. Kwa mujibu wa Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika kitabu chao *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* cha mwaka 1976, sanaa ya maonyesho huwa na mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Zingatia neno "inayotendeka". Mtazamaji anapaswa kuona jambo likibadilika mbele ya macho yake.

9.2 Kuchagua mahali na wakati

Kabla ya kuandika, amua igizo linatokea wapi na lini. Mahali na wakati vikichaguliwa vizuri, vyenyewe vinaleta mgogoro.

Igizo letu linatokea Kigoma, mwezi Julai 2024. Mwezi huo una mambo mawili. Kwanza, wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha tano huripoti shuleni, wengi katika shule za bweni za mikoa mingine, wakiwa na fomu ya kujiunga yenye orodha ya mahitaji. Pili, mwaka huo uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki na dagaa wazaliane. Mama anayeishi kwa kuanika na kuuza dagaa mwaloni anapokea orodha ndefu kuliko zote katika wakati ambao hana dagaa wa kuanika. Hatuhitaji kumfanya mzembe au mlevi ili fedha zake zipungue. Majira yenyewe yanatosha.

9.3 Igizo la mfano

FOMU YA KUJIUNGA

*Wahusika:*
MAMA ZUHURA: mwanika dagaa wa Ujiji
ZUHURA: bintiye, amechaguliwa kidato cha tano
MUUZAJI: kijana mwenye duka
MAMA SHABANI: jirani, mweka hazina wa kikoba

*(Duka katika soko la Mwanga, Kigoma. Magodoro yamesimamishwa mlangoni, matranka yamepangwa moja juu ya jingine. Mama Zuhura anaingia ameshika pochi kwa mikono miwili. Zuhura anamfuata na karatasi zilizobanwa pamoja.)*

MUUZAJI: Shikamoo mama. Karibuni.

MAMA ZUHURA: Marahaba mwanangu. Leo tumekuja kununua, hatukuja kuuliza bei. *(Anahesabu noti mezani.)* Laki moja na elfu themanini. Zuhura, soma.

ZUHURA: Godoro.

MUUZAJI: Elfu arobaini na tano.

ZUHURA: Tranka la bati.

MUUZAJI: Arobaini.

ZUHURA: Ndoo. Mashuka mawili ya bluu. Chandarua. Viatu vyeusi vya kamba.

MUUZAJI: Ndoo tano, mashuka kumi na sita, chandarua kumi, viatu ishirini na tano. *(Anabonyeza kikokotoo.)* Jumla laki moja arobaini na moja.

MAMA ZUHURA: Na nauli ya treni mpaka Tabora, pamoja na chakula cha njiani, ishirini na tano. Laki moja sitini na sita. *(Anacheka.)* Inabaki kumi na nne! Zuhura, leo tutakunywa soda, kila mtu ya kwake.

ZUHURA: Mama.

MAMA ZUHURA: Wewe utakunywa ya rangi gani?

ZUHURA: Mama, huo ulikuwa ukurasa wa kwanza.

*(Kimya. Mama Zuhura anarudisha noti moja kwenye pochi, kisha anaitoa tena.)*

MAMA ZUHURA: Fungua wa pili. Polepole.

ZUHURA: Jembe lenye mpini.

MAMA ZUHURA: Wamekuchagua kusoma HKL au kulima?

ZUHURA: Fyekeo.

MAMA ZUHURA: Na kufyeka! Hiyo shule ilijengwa, au mnakwenda kuitafuta porini?

ZUHURA: Rimu moja ya karatasi.

MAMA ZUHURA: Rimu ni karatasi ngapi?

MUUZAJI: Mia tano, mama.

MAMA ZUHURA: Mia tano! Mwanangu anakwenda kusoma au kufungua gazeti?

ZUHURA: Ni za kuchapia mitihani, mama.

MAMA ZUHURA: Kwa hiyo nanunua mtihani ili aje kuufeli? Si walisema elimu bila ada?

ZUHURA: Ada ndiyo haipo. Godoro si ada.

MUUZAJI: Jembe kumi, fyekeo nane, rimu kumi na tatu. Zimeongezeka thelathini na moja. Sasa inatakiwa laki moja tisini na saba.

*(Mama Zuhura anazihesabu tena noti zake, taratibu, kama mtu anayetarajia zimeongezeka. Mama Shabani anaingia.)*

MAMA SHABANI: Mama Zuhura! Nakutafuta tangu asubuhi. Nikaambiwa leo uko Mwanga, unanunua duka zima.

MAMA ZUHURA: Karibu, Mama Shabani. Nanunua nusu tu, nusu nyingine naiangalia.

MAMA SHABANI: Hongera kwa binti. Nisikucheleweshe. Leo ni siku ya marejesho, elfu kumi.

MAMA ZUHURA: Ziwa limefungwa, Mama Shabani. Mpaka Agosti.

MAMA SHABANI: Najua. Na mimi naanika mwalo huohuo. Lakini hizo ulizoshika si tulikukopesha sisi? Usiporejesha leo, Ijumaa hatuna cha kumpa Bi Tatu, naye mwanawe anakwenda Kasulu.

MAMA ZUHURA: Na fomu?

MAMA SHABANI: Kurasa tano.

*(Mama Zuhura anatoa noti ya elfu kumi bila neno. Mama Shabani anaandika daftarini, anamshika bega, anatoka.)*

MUUZAJI: Mama, nisiseme uongo. Hilo tranka linahitaji kufuli. Bwenini bila kufuli, tranka ni sinia.

MAMA ZUHURA: Kufuli limeandikwa kwenye fomu?

ZUHURA: Halijaandikwa.

MAMA ZUHURA: Sasa hata ambavyo havijaandikwa vinakuja!

MUUZAJI: Elfu nne tu.

*(Simu ya Zuhura inalia. Anasoma ujumbe.)*

ZUHURA: Mwenzangu aliyetangulia anasema asubuhi kuna baridi, wanadaiwa sweta.

MUUZAJI: Ninalo. Kumi na tano.

MAMA ZUHURA: *(Kwa muuzaji)* Wewe na huyo mwenzake mna ubia?

MUUZAJI: *(Anabonyeza kikokotoo.)* Inatakiwa laki mbili na kumi na sita. Una laki moja na sabini.

*(Mama Zuhura anachukua karatasi kutoka kwa Zuhura na kalamu kutoka kwa muuzaji.)*

MAMA ZUHURA: Sasa nasoma mimi. Jembe: lipo nyumbani.

ZUHURA: Mama, hilo utalimia nini?

MAMA ZUHURA: Mihogo inajua kusubiri. *(Anakata mstari.)* Chandarua: kile cha kliniki. Mashuka: yangu.

ZUHURA: Yameandikwa ya bluu.

MAMA ZUHURA: Yalikuwa ya bluu. Mwambie matroni ni bluu iliyostaafu. Ndoo: ile yangu ya mwaloni.

ZUHURA: Mama! Ile inanuka dagaa.

MAMA ZUHURA: Ndiyo itakuwa kufuli lake. Haiibiwi.

MUUZAJI: *(Anacheka, kisha anabonyeza kikokotoo.)* Zimetoka arobaini na moja. Imebaki pungufu ya elfu tano tu.

*(Mama Zuhura anamtazama bila kusema. Muuzaji anatazama tranka, anatazama mlangoni, anakuna kichwa.)*

MUUZAJI: Hilo tranka lina kovu hapa pembeni. Chukua kwa thelathini na tano.

MAMA ZUHURA: Mungu akuzidishie. *(Anasukuma noti zote mezani, isipokuwa za nauli.)* Zuhura, tumemaliza?

*(Zuhura anageuza karatasi. Kuna ukurasa wa tatu. Anausoma kimyakimya, midomo ikichezacheza. Muuzaji anauona pia. Zuhura anaukunja mara mbili na kuutia mfukoni.)*

ZUHURA: Tumemaliza, mama.

MAMA ZUHURA: Karatasi gani hiyo umetia mfukoni?

ZUHURA: Risiti.

MAMA ZUHURA: Risiti? Mbona bado hajaandika?

*(Muuzaji anainama, anaanza kuandika risiti haraka. Zuhura hajibu. Mama Zuhura anakaa juu ya tranka, pochi tupu mapajani, akimtazama mwanawe. Mwisho.)*

9.4 Ufafanuzi

*(i) Mistari miwili inayokimbiana*

Igizo hili limejengwa juu ya mistari miwili: kinachotakiwa na kilichopo. Mtazamaji lazima ajue kila mara pengo ni kubwa kiasi gani, ndiyo maana muuzaji amepewa kikokotoo. Kabla ya kuandika maneno ya wahusika, mtunzi alipanga hesabu hii:

| Tukio | Kinatakiwa (sh.) | Kilichopo (sh.) | Hali |
|---|---|---|---|
| Ukurasa wa kwanza na nauli | 166,000 | 180,000 | ziada 14,000 |
| Ukurasa wa pili | 197,000 | 180,000 | pungufu 17,000 |
| Marejesho ya kikoba | 197,000 | 170,000 | pungufu 27,000 |
| Kufuli | 201,000 | 170,000 | pungufu 31,000 |
| Sweta | 216,000 | 170,000 | pungufu 46,000 |
| Vitu vya nyumbani | 175,000 | 170,000 | pungufu 5,000 |
| Bei ya tranka kushuka | 170,000 | 170,000 | sawasawa |

Tazama kwamba igizo linaanza na ziada. Mama anaahidi soda. Kama angeanza akiwa hana kitu, kusingekuwa na mahali pa kuanguka kutoka. Tazama pia kwamba hesabu inafika sawasawa kabla tu ya ukurasa wa tatu kufunguliwa. Mtazamaji ameshapumua, kisha pumzi inakatwa.

*(ii) Kila nyongeza ina mlango wake*

Orodha ikiongezeka kwa njia ileile kila mara, mtazamaji anachoka mara ya tatu. Katika igizo hili nyongeza zinaingia kwa milango tofauti: ukurasa wa pili unatoka kwenye fomu, kufuli linatoka kwa muuzaji, sweta linatoka kwenye simu. Fedha nazo hupungua kwa mlango wake, yaani kikoba. Kila nyongeza pia ina sababu ya kweli. Tranka bila kufuli haliwezi kulinda kitu, na rimu ni ya mitihani. Mama Shabani si mkorofi. Asipodai, mtoto wa Bi Tatu hataondoka. Hakuna mhusika mbaya hapa, na bado mama anabanwa kila upande. Huo ndio mgogoro wenye nguvu, kwa sababu hauwezi kuisha kwa kumfukuza mtu mmoja jukwaani.

*(iii) Nani anachekwa?*

Hili ndilo jambo la kuzingatia kuliko mengine. Vichekesho vingi vya shuleni tangu enzi za ukoloni vilizoea kumcheka mtu wa shamba aliyefika mjini: hajui kuvaa, hajui kusema, anashangaa kila kitu. Mtahiniwa anayeandika igizo la vifaa vya shule huanguka kwa urahisi katika shimo hilo. Anamfanya mama ashindwe kutamka "kikokotoo", na darasa linacheka.

Katika igizo letu mama ndiye mwerevu wa maneno. Yeye ndiye anayesema "bluu iliyostaafu" na "mihogo inajua kusubiri". Tunacheka pamoja naye, na kinachochekwa ni orodha. Njia ya kujipima ni rahisi: soma kila mzaha ulioandika, kisha jiulize mama yako akiwa amekaa mbele angecheka au angeinamisha kichwa. Akiinamisha kichwa, mzaha huo umemwelekea asiyestahili.

Zingatia pia kwamba utani wa mama umebeba hasara halisi. Jembe linalokwenda Tabora ni jembe ambalo halitalima Ujiji. Shuka linaloingia kwenye tranka linatoka kwenye kitanda chake. Mtazamaji anacheka kwanza, kisha anaelewa alichokicheka.

*(iv) Mwisho*

Tangu mwanzo Zuhura ndiye sauti ya orodha, kwani kila balaa linatoka kinywani mwake. Mwishoni sauti hiyo inanyamaza kwa hiari, naye anadanganya kwa mara ya kwanza. Badiliko hilo la mhusika ndilo linalofunga igizo. Hatuambiwi ukurasa wa tatu una nini, wala hatuambiwi mama ameelewa. Swali lake, "Mbona bado hajaandika?", linatosha. Usiongeze hotuba baada ya hapo.

*(v) Muktadha*

Ukiulizwa kuhusu uhalisia, taja mambo unayoweza kuyathibitisha. Ada ya sekondari ya chini katika shule za umma ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Igizo halikanushi hilo. Zuhura analisema waziwazi: ada haipo, lakini godoro si ada. Dhamira inakaa katika pengo hilo, kati ya gharama iliyoondolewa na gharama zinazobaki kwa mzazi.

9.5 Makosa yanayojitokeza mara kwa mara

*Kosa la kwanza: kuongeza vitu bila bei.* Mtahiniwa anataja vitu 20 lakini hatujui pengo limefika wapi. Vitu 10 vyenye bei vina nguvu kuliko 30 visivyo na bei. Dalili ya kosa hili ni kwamba unaweza kufuta kitu kimoja na igizo lisibadilike.

*Kosa la pili: mwokozi wa ghafla.* Mjomba anatokea kutoka Dar es Salaam na bahasha ya fedha. Mgogoro uliojengwa kwa kurasa mbili unafutwa kwa sentensi moja. Katika igizo letu muuzaji anapunguza bei, lakini ni elfu 5 tu, na mama ameshajinyima elfu 41 kwanza.

*Kosa la tatu: maelezo ya jukwaani yasiyotendeka.* "Mama anakumbuka maisha yake magumu" haiwezi kuonwa na hadhira. "Anazihesabu tena noti zake, taratibu" inaonekana hata na aliyekaa nyuma kabisa.

9.6 Swali na jibu la mfano

*Swali:* Kwa kutumia igizo "Fomu ya Kujiunga", eleza jinsi mtunzi alivyotumia kejeli kufikisha ujumbe.

*Jibu:* Mtunzi ametumia kejeli kuonyesha ukubwa wa mzigo anaobeba mzazi. Kwanza, Mama Zuhura anapoambiwa anunue fyekeo anauliza kama shule ilijengwa au wanafunzi wanakwenda kuitafuta porini. Kejeli hii inahoji kwa nini vifaa vya kusafishia mazingira ya shule viwe juu ya mzazi. Pili, kuhusu rimu ya karatasi anauliza kama ananunua mtihani ili mwanawe aje kuufeli. Hapa mtunzi anaonyesha kwamba gharama za kuendesha mitihani zimehamia kwake. Tatu, anasema ndoo ya dagaa haitaibiwa kwa sababu inanuka. Kejeli hii inamgeukia yeye mwenyewe, na inaonyesha ujasiri wake wa kuficha upungufu kwa mzaha ili mwanawe asikate tamaa.

Tazama muundo wa jibu: kila hoja ina mfano kutoka kwenye igizo, na baada ya mfano yapo maelezo ya kejeli inalenga nini. Mtahiniwa anayetaja mfano na kuuacha hapo amefanya nusu ya kazi.

9.7 Mazoezi

1. Andika upya sehemu ya Mama Shabani, ukimfanya anayeidai fedha awe dereva wa bodaboda. Hakikisha naye ana sababu ya kweli ya kudai.

2. Panga jedwali la hesabu kama lile la 9.4 kwa igizo la mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeanza shule ya kutwa mwezi Januari. Anza na ziada, na uwe na milango mitatu tofauti ya nyongeza.

3. "Zuhura amekosea kuficha ukurasa wa tatu." Jadili kauli hii kwa hoja tatu, ukitumia mifano kutoka kwenye igizo.

4. Tunga onyesho moja la kuendeleza igizo hili: Zuhura yuko getini shuleni Tabora, mwalimu wa zamu anakagua vifaa na anauliza vilivyoandikwa katika ukurasa wa tatu. Kicheko kisimwelekee Zuhura.